Slabu ya Zamu Mbili: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Unapogawa Kazi ya Zege

Mkandarasi akikwambia "wiki hii tumwage slabu ya juu", amekukabidhi kazi kubwa kwa sentensi fupi. Ndani yake kuna mirunda ya kusimamisha, mbao za kupanga, nondo za kufunga, mabomba ya umeme ya kulaza, kokoto za kusogeza, mhandisi wa kumwita, zege la kumwaga na maji ya kumwagilia wiki nzima. Wewe foromani ndiye utakayeikata kazi hiyo vipande vya zamu moja moja, na ukiikata vibaya jengo litakaa na kosa lako kwa miaka yote litakayosimama.

Kazi nyingi za saiti huvumilia kukatishwa. Fundi nondo akifunga mistari sita badala ya kumi, minne iliyobaki itamsubiri hadi kesho bila kuharibika. Zege halina subira hiyo. Maji yakishagusa saruji, safari ya kukaza imeanza. Viwango vinataka saruji ya daraja la 42.5 isianze kukaza kabla ya dakika 60, na kipimo hicho hufanyika maabara penye ubaridi. Juu ya mbao zilizopigwa na jua la Dar es Salaam au Tanga, muda ulio nao ni mfupi zaidi. Zege jipya likimwagwa kando ya lililokwisha kukaza, hayashikani yakawa kitu kimoja. Panabaki mstari dhaifu unaopitisha maji, na maji yakifika kwenye nondo kutu huanza.

Kwa hiyo sheria inayotawala yote yatakayofuata ni hii: kipande cha kazi ya zege hupimwa kwa mahali kinapoishia. Ukishajua mwisho ulio salama uko wapi, ndipo unauliza kama zamu moja inatosha kuufikia.

Tutatumia mfano mmoja hadi mwisho. Nyumba ya ghorofa moja ina slabu ya mita 12 kwa mita 10, unene sentimita 15. Chini yake kuna bimu zinazoizunguka na kuikata: nne zenye urefu wa mita 10, zilizopishana kila mita 4, na tatu zenye urefu wa mita 12. Kila bimu ina upana wa sentimita 23 na inashuka sentimita 30 chini ya slabu. Zege ni la mchanganyiko wa 1 kwa 1½ kwa 3, mashine ya kukorogea ni moja inayomeza mfuko mmoja kwa mara, na zege linapanda juu kwa karai.

MAMBO YA KUFANYA

1. Geuza kazi yote kuwa mifuko kabla ya kuigeuza kuwa siku.

Usianze na kalenda. Anza na ujazo. Slabu peke yake ni 12 × 10 × 0.15, yaani mita za ujazo 18. Bimu zote zikiunganishwa zina urefu wa mita 76, na sehemu yao inayoshuka chini ya slabu inaongeza mita za ujazo 5 na robo hivi. Jumla ni 23 na kidogo. Ongeza kinachomwagika njiani na kinachobaki kwenye mashine, panga 24.

Kwa mchanganyiko huo, mita moja ya ujazo hula mifuko 8 ya saruji ya kilo 50. Kazi nzima ni mifuko 192. Sasa una namba ambayo kila mtu saiti anaweza kuihesabu kwa macho, kwa sababu kila mfuko ukifunguliwa huacha mfuko mtupu. Mita ya ujazo haionekani jioni. Mifuko mitupu inaonekana.

Hesabu hiyo hiyo inakupa mchanga na kokoto. Mfuko mmoja una ujazo wa lita 35 hivi, basi kila mfuko unadai lita 52 za mchanga na lita 105 za kokoto. Kwa mifuko 192 unahitaji mita za ujazo 10 za mchanga na 20 za kokoto, zikiwa zimeshafika na kulundikwa karibu na mashine.

2. Pima kasi ya watu wako, mahali pale pale watakapofanyia kazi.

Kasi ya kwenye msingi usiipandishe juu kama ilivyo. Kwenye msingi toroli linamimina moja kwa moja. Juu, kila tone la zege linabebwa. Mfuko mmoja wa mchanganyiko huu hutoa lita 125 za zege, ambazo ni makarai 12 au 13 ya lita 10, na kila karai lina uzito wa kilo 24 hivi. Mashine ikitoa mifuko 15 kwa saa, safu ya wabebaji inapaswa kupitisha makarai karibu 190 kwa saa. Ndiyo maana kasi ya mwaga wa juu huamuliwa na ngazi na mabega, wakati mashine yenyewe bado ina nafasi.

Njia ya kupima ni rahisi. Siku ya kumwaga nguzo au ngazi, mpe mtu mmoja saa na daftari, aandike mifuko iliyoingia mashineni kila saa, kuanzia watu wakiwa wabichi hadi wamechoka. Chukua wastani wa siku nzima. Saa ya kwanza itakudanganya, kwa sababu kila mtu ana nguvu asubuhi. Katika mfano wetu tuseme kipimo kimetoa mifuko 15 kwa saa.

3. Hesabu zamu kutoka mwisho kurudi nyuma.

Foromani wengi huhesabu mbele: tunaanza asubuhi, tutaona tutafika wapi. Geuza. Saa kumi na mbili jioni giza linakaribia, na kabla yake lazima uso wa zege uwe umesawazishwa, mashine, makarai na vaibreta zimeoshwa, na slabu imefunikwa. Kazi hizo zinadai saa mbili. Kwa hiyo mfuko wa mwisho unaingia mashineni kabla ya saa kumi alasiri. Asubuhi watu wanafika saa moja, wanalowesha mbao, wanakagua njia, na mfuko wa kwanza unaingia saa moja na nusu. Umebaki na saa nane na nusu za kukoroga.

Toa chakula. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi aliyefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apate mapumziko ya angalau dakika 60. Zege halikuruhusu kuwapumzisha wote pamoja, basi wagawe makundi mawili: la kwanza lile saa sita, la pili saa saba. Kwa saa hizo mbili kasi inashuka nusu, na unapoteza mifuko 15.

Hesabu ya zamu sasa ni hii: saa nane na nusu kwa mifuko 15 ni mifuko 127, toa 15 ya chakula, inabaki 112. Huo ndio uwezo wa siku isiyo na mkosi, na bado haujawa kipande cha kumpa mtu. Toa akiba ya angalau saa moja kwa ajili ya mkanda wa mashine kukatika, maji kuchelewa au mvua ya dakika 20. Inabaki mifuko 97. Kazi ya mifuko 192 imejigawa yenyewe: zamu mbili za mifuko 96.

4. Chagua mpaka, umwonyeshe mhandisi, uusimamishie ubao.

Nusu ya mifuko haitoshi kuwa sababu ya kuishia mahali fulani. Slabu na bimu zina sehemu ambazo nguvu ya kukata ni kubwa, nazo ni karibu na nguzo na karibu na bimu zinazoibeba slabu. Katikati ya nafasi kati ya bimu na bimu, nguvu hiyo ni ndogo. Kwa hiyo kiungo cha zege huwekwa katika theluthi ya kati ya nafasi, na mhandisi ndiye anayekubali mahali hasa.

Katika nyumba yetu bimu fupi ziko kwenye mita 0, 4, 8 na 12. Nafasi ya kati ni kutoka mita 4 hadi 8, na katikati yake ni mita 6, ambayo pia ni nusu ya slabu. Hapa hesabu ya mifuko na hesabu ya nguvu zimekutana. Zisipokutana, ya nguvu ndiyo inayoamua, nawe unapunguza kipande kifikie mpaka uliokubaliwa, au unaongeza watu.

Ubao wa kuzuia usimame wima, kutoka uso wa slabu hadi chini ya bimu, ukiwa na mianya ya kupitisha nondo. Nondo hazikatwi kwenye kiungo. Zinapita upande wa pili zikisubiri zege la zamu ya pili. Bimu na slabu iliyo juu yake zimwagwe pamoja hadi kwenye ubao huo.

5. Tayarisha mpaka wa dharura, na saa ya kuuamulia.

Hili ndilo jambo ambalo foromani wengi hawalifanyi, na ndilo linalotofautisha mgawo wa kweli na matumaini. Mpaka wa mita 6 ni wa siku njema. Siku ikiharibika utaishia wapi?

Tazama slabu tena. Unamwaga kutoka mita 0 kuelekea 6. Sehemu salama ya kwanza ni katikati ya nafasi ya kwanza, mita 2. Ukishaipita, sehemu salama inayofuata inaanza mita 5 na sentimita 35 hivi, kwa sababu kati yake kuna bimu na nguzo za mita 4. Kwa hiyo kwenye mita 2 kuna uamuzi mmoja mkubwa: ukivuka, huna ruhusa ya kusimama hadi ufike mita 5.4.

Weka namba kwenye uamuzi huo. Kufika mita 2 kunahitaji mifuko 34, na kwa kasi ya 15 unafika saa nne kasorobo. Kufika mita 5.4 kunahitaji mifuko 87. Ukichelewa kufika mita 2 hadi saa nne na robo, kasi yako halisi ni mifuko 12 na kidogo kwa saa, na siku nzima itakupa mifuko 93 hivi. Inatosha kwa mita 5.4, ila akiba yake ni nusu saa tu. Basi sheria ya siku hiyo iandikwe ubaoni asubuhi: tukifika mita 2 baada ya saa nne na robo, tunafunga ubao hapo, na kazi inakuwa ya zamu tatu. Ubao wa mita 2 uwe umekatwa, una mianya ya nondo na misumari, umelazwa kando yake. Ubao wa kukatwa wakati zege limeshafika hauna maana.

Faida ya sheria hii ni kwamba uamuzi unafanyika saa nne asubuhi, watu wakiwa na nguvu na akili imetulia. Saa kumi na moja jioni hakuna anayeamua vizuri.

6. Toa maandalizi yote nje ya zamu ya kumwaga.

Zamu ya zege iwe na zege tu. Kila kinachoweza kufanyika jana kiwe kipande cha jana, chenye mwisho wake: mirunda imesimama na kukazwa kwa kabari, mbao zimezibwa mianya ili maji ya saruji yasivuje, nondo zimefungwa na kuinuliwa kwa vipande vidogo vya zege zisiguse ubao, mabomba ya umeme yamelazwa, mhandisi amekagua na kuandika. Fundi umeme anayekumbuka bomba moja asubuhi ya mwaga anaila akiba yako yote ya saa moja.

Maji nayo yahesabiwe. Mfuko mmoja unahitaji lita 25 hadi 27 za maji ikiwa mchanga ni mkavu. Mifuko 96 ni lita 2,600 hivi, bila kuosha vyombo wala kulowesha mbao. Tangi la lita 5,000 lililojaa tangu jana ni sharti la kuanza, kwa sababu bomba la mtaa linaweza kukauka saa tano asubuhi.

7. Andika kazi ndogo za zamu ya pili kabla hujamaliza ya kwanza.

Zamu ya pili haianzi na mfuko wa kwanza. Inaanza na kiungo. Asubuhi toa ubao wa kuzuia taratibu bila kutikisa nondo. Uso wa zege utakuwa na utando mlaini, mweupe, wa saruji. Usugue kwa brashi ya waya au uugongegonge hadi kokoto zionekane, ufagie vumbi, uloweshe, na uhakikishe hakuna maji yaliyotuama wakati wa kumwaga. Kazi hiyo kwenye mita 10 za kiungo ni ya watu wawili, na wapewe muda wao kwenye mgawo, kabla ya saa moja na nusu.

Wakati huo huo nusu ya kwanza inahitaji maji. Slabu iwekwe unyevu kwa siku 7 angalau, kwa magunia yaliyoloweshwa au kwa kuzungushia kingo za mchanga na kujaza maji. Mtu wa maji aandikwe kwa jina katika kila zamu. Kazi isiyo na jina la mtu haifanyiki siku ambayo kila mkono umeshika karai.

MAMBO YA KUTOFANYA

1. Usigawe kazi kwa siku ulizopewa.

Ukiambiwa una siku mbili, usikate slabu katikati ukadhani umegawa. Umegawanya ahadi ya mtu mwingine. Kama kipimo chako kingetoa mifuko 10 kwa saa, zamu ingebeba mifuko 75 kabla ya kutoa akiba, na slabu hii ingekuwa ya zamu tatu hata kama mkataba unasema mbili. Hesabu ikishakuambia hivyo, peleka hesabu kwa aliyekupa kazi siku hiyo hiyo, kabla saruji haijashushwa.

2. Usipunguze unene ili umalize eneo.

Jioni ikikaribia kuna kishawishi cha kumwaga nusu ya unene hadi mwisho wa slabu, na kusema nusu ya juu itajazwa kesho. Hilo ni kosa kubwa kuliko kuacha eneo zima bila zege. Slabu ya sentimita 15 hufanya kazi kama kitu kimoja kwa sababu sehemu ya juu inabanwa na ya chini, yenye nondo, inavutwa. Ukiikata kwa mlalo umepata slabu mbili nyembamba zilizolaliana, na nguvu yake haifanani hata kidogo na aliyoipiga hesabu mhandisi. Kipande cha zege hukatwa kwa wima, kwa unene wake wote, penye ubao.

Vivyo hivyo usiache zege likiishia kwa mteremko unaoning'inia pasipo ubao. Ncha yake nyembamba hukauka kabla ya kupata nguvu, na kesho utaiona inabomoka kwa kugongwa na nyundo.

3. Usiongeze kasi kwa maji wala kwa vipimo.

Kasi ikishuka, jicho la kwanza hutazama ndoo ya maji. Zege jepesi linamiminika haraka, linasawazishwa haraka na linabebeka bila kulalamikiwa. Lakini maji yasiyotumiwa na saruji yanapokauka huacha vitundu, na vitundu ndivyo vinavyoifanya slabu ivuje na kupasuka. Hatari hiyo ni kubwa zaidi pale zege lililokwisha kuanza kukaza linapomwagiwa maji lirudi kulainika. Linarudi machoni tu.

Kuna namna ya kujua kama zege lililomwagwa bado linaweza kupokea jipya kando yake. Chovya vaibreta ikiwa inafanya kazi. Ikizama kwa uzito wake yenyewe, na shimo lake likajifunga unapoitoa polepole, endelea. Shimo likibaki wazi, umechelewa. Hapo huna dawa ya maji. Mwite mhandisi, na uhesabu kwamba mgawo wa zamu hiyo ulikuwa mkubwa mno. Kwa upande wa vipimo, tumia boksi la kupimia hadi mfuko wa mwisho. Sepeto za kukisia huanza saa ambayo watu wamechoka.

4. Usikubali taarifa ya asilimia.

"Nondo tumefika asilimia 80" ni maneno yasiyoweza kukaguliwa. Ile asilimia 20 iliyobaki inaweza kuwa ndiyo kona zenye kazi ngumu. Kila kipande ulichokigawa kiwe na mwisho wa kugusa kwa mkono: bimu mbili za mita 10 zimefungwa, zimeinuliwa na zimepimwa nafasi kwa futi. Fundi akimaliza moja, amemaliza moja. Kesho unajua kwa hakika umebaki na ngapi.

Kwenye zege tumia mifuko mitupu. Ipangwe kwa mafungu ya kumi kumi mahali ambapo hata mbebaji wa karai anaiona. Asubuhi uandike ubaoni panapotarajiwa: mifuko 67 saa sita, 82 saa nane baada ya chakula, 96 saa tisa kasoro. Tofauti ya mifuko mitano saa sita ni habari. Tofauti hiyo hiyo ikigunduliwa saa kumi ni janga.

5. Usiitumie "zege halilali" kuwakesha watu.

Msemo huo wa saiti zetu ni wa kweli kuhusu mchanganyiko uliokwisha kukorogwa: hauwezi kuachwa kwenye mashine hadi kesho. Haumaanishi kwamba slabu nzima lazima imalizike usiku huu. Foromani anayeutumia kufunika mgawo wake mbaya anawapandisha watu waliochoka kwenye ngazi ya mbao, gizani, wakiwa na kilo 24 kichwani. Sheria ile ile ya 2004 imeweka saa 9 za kawaida kwa siku, saa za ziada zilipwe mara moja na nusu kwa makubaliano, na jumla isipite saa 12 kwa siku. Zamu yetu ya saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni tayari imeshagusa saa za ziada, na hiyo ielezwe na ilipwe.

Giza lina madhara yake kwa jengo pia. Usiku huoni vaibreta ilikopita na isikopita, na mbao zikifunguliwa utakuta matundu ya kokoto tupu chini ya bimu, nondo zikichungulia nje.

6. Usihamishe mirunda ya kipande cha kwanza kwa sababu kimetangulia.

Kipande cha kwanza kinaishia katikati ya nafasi, hewani, kikisubiri mwenzake wa upande wa pili. Hata kikitimiza siku zake, bado hakijaungana na kitu kinachokishika. Mirunda yake ikitolewa mapema ili ikatumike kwingine, ukingo wa mita 6 utashuka na kiungo kitafunguka. Hesabu siku za kutoa mirunda kuanzia siku ya zege la mwisho, na ungoje neno la mhandisi. Hii ina maana kwamba kugawa kazi vipande kunakudai mirunda mingi kwa muda mrefu zaidi, na gharama hiyo iingie kwenye bei tangu mwanzo.

7. Usiseme "haiwezekani" bila kusema kinachohitajika.

Bosi akisisitiza slabu imalizike siku moja, ana haki ya kujibiwa kwa namba. Mifuko 192 ndani ya zamu moja inataka mashine mbili na safu mbili kamili za wabebaji. Kasi itakuwa mifuko 30 kwa saa, siku itabeba mifuko 225 baada ya kutoa chakula, na akiba ya saa moja itabaki. Ila kila safu iwe na ngazi yake. Safu mbili kwenye ngazi moja zitakupa msongamano wa watu wengi na kasi ya safu moja. Maji yawe zaidi ya lita 5,000 kwa zege peke yake, na vaibreta ziwe mbili, ya tatu ikiwa pembeni. Hata hapo mbao za mipaka ya dharura kwenye mita 2 na mita 6 zikatwe na ziwekwe tayari, kwa sababu mashine mbili zina mikanda miwili ya kukatika.

Akikupa hivyo vyote, mwaga siku moja. Asipokupa, mwaga siku mbili, na mgawo uandikwe na kusainiwa na nyote wawili kabla ya mfuko wa kwanza kufunguliwa.